Kuklemu bima ya kukosa ajira: siku ya maombi, kipindi cha kusubiri na karatasi ya mwajiri wa zamani

Kama umepoteza kazi na ulikuwa unakatwa mchango wa bima ya kukosa ajira, vitu viwili ndo vinaamua sana kama hela itaingia mapema au utazungushwa miezi. Cha kwanza ni siku uliyopeleka maombi. Cha pili ni ile sababu ya kuondoka ambayo mwajiri wako wa zamani ameiandika kwenye karatasi yake. Vingine vyote vinarekebishika, ila hivi viwili vikikaa vibaya unaanza kukimbizana na ofisi wakati huna hata nauli. Kwahiyo mwongozo huu nitakaa zaidi hapo.

Sheria zinatofautiana nchi na nchi, lakini mifupa yake inafanana karibu kila mahali. Nitatoa mifano ya nchi chache ili uone kitu kinavyofanya kazi, halafu kwako unaangalia kanuni za mfuko wako zinasemaje.

Hatua ya 1: jiulize kama unastahili

Maswali ni matatu tu: umechangia kwa muda unaotosha? kazi imeishaje? na je, uko tayari kufanya kazi nyingine ikipatikana hata leo?

Tuanze na michango. Kila mfuko una muda wake wa chini. Tanzania fao la kukosa ajira la NSSF linataka uwe umechangia angalau miezi 18, ndo unapata asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Ujerumani wanataka miezi 12 ya michango ndani ya miezi 30 ya mwisho. Japani ni miezi 12 ndani ya miaka miwili, ila kama umeachishwa kwa kupunguzwa au kampuni kufungwa, miezi 6 ndani ya mwaka mmoja inatosha. Unaona hapo? Namna kazi ilivyoisha inaanza kuathiri mambo mapema kabisa, hata kwenye kuhesabu michango.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba michango haihesabiwi kuanzia leo kurudi nyuma tu. Mfuko una kipindi chake cha kuhesabia. Marekani kwa mfano majimbo yanagawa mwaka kwenye robo za miezi mitatu mitatu, halafu kwa kawaida wanachukua robo nne za kwanza kati ya tano za mwisho zilizokamilika, maana yake mishahara ya miezi yako ya karibuni inaweza isionekane kabisa kwenye hesabu. Mtu aliyeanza kazi miezi kama nane iliyopita anaambiwa hana michango ya kutosha na yeye slipu anazo mkononi. Ukijibiwa hivyo usikate tamaa, uliza moja kwa moja kama kuna namna nyingine ya kuhesabu inayochukua miezi ya karibuni, majimbo mengi wanayo.

Swali la jinsi kazi ilivyoisha ndo gumu zaidi. Ukipunguzwa, kampuni ikifungwa, au mkataba wa muda maalumu ukiisha bila kuongezwa, kwa kawaida uko salama. Ukiacha mwenyewe bila sababu inayokubalika kisheria, unanyimwa au unawekewa adhabu ya muda. Ukifukuzwa kwa utovu wa nidhamu ni hivyo hivyo. Katikati hapo kuna watu wengi sana wanaojihukumu wenyewe kabla hata hawajaomba: aliyefukuzwa kwa sababu hakufikia malengo ya mauzo, aliyeacha kwa sababu mshahara haukulipwa miezi, aliyeacha kwa sababu alinyanyaswa. Kushindwa kazi na kufanya makosa kwa makusudi ni vitu viwili tofauti kwenye mifumo mingi, na kuacha kazi kwa sababu nzito kunaweza kukubalika kama una ushahidi. Mimi nasema omba, acha mfuko ndo useme hapana. Usijikatae mwenyewe.

Swali la tatu, kuwa tayari kufanya kazi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 102 wa mwaka 1952 unamtaja mtu anayekosa kazi inayomfaa huku akiwa na uwezo wa kufanya kazi na yuko tayari kuifanya. Kwahiyo kama unaumwa umelala kitandani, hiyo kwa kawaida ni bima ya ugonjwa sio hii, na ukijaza fomu kwamba huwezi kufanya kazi kwa sasa utakataliwa kwa kauli yako mwenyewe.

Hatua ya 2: kabla hujatoka getini, angalia unachosaini

Hapa ndo madai mengi yanakufa kabla hayajazaliwa. Unaitwa ofisini, unaambiwa kazi imeisha, halafu unapewa karatasi usaini haraka ili ulipwe haki zako za mwisho. Soma maneno yake. Kama imeandikwa "naomba kuacha kazi" au "nimejiuzulu kwa hiari" wakati wao ndo wamekuondoa, usisaini hivyo. Omba waandike ukweli, au omba muda wa kuisoma nyumbani. Kuna wanaoambiwa "andika tu barua ya kujiuzulu, itakusaidia kupata kazi kwingine", na ushauri huo unaweza kukugharimu miezi. Ujerumani mtu aliyeacha mwenyewe bila sababu nzito kwa kawaida anafungiwa malipo wiki 12, na kusaini makubaliano ya kuachana kunaweza kuhesabiwa kama umeacha mwenyewe.

Siku hiyo hiyo, kama bado unaingia kwenye mfumo wa kazini, pakua slipu zako zote za mshahara, mkataba, na barua zozote. Piga skrinishoti ratiba ya zamu. Akaunti ikifungwa ndo basi, na kuomba vitu hivyo baadaye ni kuomba hisani ya mtu ambaye hana haraka na wewe.

Hatua ya 3: peleka maombi mara moja, usingoje karatasi

Kosa kubwa kuliko yote ni kungoja. Mtu anasema ngoja kwanza mwajiri anipe karatasi yangu, ngoja nimalizie mambo ya likizo, ngoja niangalie kama nitapata kazi wiki hii. Kwenye mifumo mingi dai linaanza wiki uliyoomba, sio wiki uliyoacha kazi. Kanada kwa mfano unaweza kuomba hata kabla mwajiri hajatoa karatasi yake, na ukichelewa zaidi ya wiki nne tangu siku ya mwisho ya kazi unaweza kupoteza malipo. Ujerumani hata kabla ya kuacha unatakiwa ujiandikishe kama mtafuta kazi miezi mitatu kabla, na kama umejulishwa ghafla basi ndani ya siku tatu tangu ujue.

Kwenye fomu utaulizwa kitambulisho, namba ya mwanachama, akaunti ya benki, waajiri wote wa kipindi kile cha kuhesabia (sio wa mwisho peke yake), tarehe ya kwanza na ya mwisho kwa kila mmoja, na sababu ya kuondoka. Kwenye sababu andika fupi na ukweli: "Kitengo kimefungwa, nimepewa barua tarehe fulani." Usiandike hadithi ya bosi na hasira zako hapo, kila neno la ziada ni swali ambalo afisa atalazimika kulifuatilia. Ukimaliza tunza namba ya maombi.

Hatua ya 4: karatasi ya mwajiri, isome mstari kwa mstari

Watu wengi wanadhani cheti cha utumishi kinatosha. Kile kwa kawaida kinasema tu ulifanya kazi gani na kuanzia lini hadi lini. Mfuko wa bima unataka zaidi: siku ya mwisho uliyofanya kazi kweli, siku ya mwisho uliyolipwa, mishahara ya kila kipindi, michango, malipo ya mwisho yaliyogawanywa kimoja kimoja, na sababu ya kuondoka. Karibu kila nchi ina fomu maalumu kwa ajili hii. Kanada inaitwa rekodi ya ajira, na kwenye kisanduku namba 16 mwajiri anaweka herufi moja tu: A maana yake kazi zimepungua au mkataba umeisha, E umeacha mwenyewe, M umefukuzwa. Herufi moja hiyo! Karani wa mishahara akibonyeza E badala ya A, kwa mfumo wewe umeacha kazi mwenyewe mpaka ithibitike vinginevyo. Nchi zingine wanaandika kwa maneno lakini uzito ni ule ule.

Muombe mwajiri kwa maandishi, barua pepe au ujumbe unaobaki, hata kama mmeongea vizuri kwa mdomo. Ujumbe wa kawaida tu:

"Habari za kazi. Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa tarehe 6. Naomba fomu ya kuthibitisha mwisho wa ajira kwa ajili ya bima ya kukosa ajira, ikionyesha siku ya mwisho ya kazi, mishahara, malipo ya mwisho kwa mchanganuo, na sababu ya kuondoka kama ilivyo kwenye barua yangu ya kuachishwa. Kama mnaituma moja kwa moja kwenye mfuko, naomba nakala. Asante."

Ikija, usiiweke kwenye bahasha tu ukakimbilia ofisini. Angalia sababu inafanana na barua yako ya kuachishwa. Angalia tarehe ya mwisho, maana wengine wanaandika siku ya mwisho ya mwezi kwa mazoea tu wakati uliondoka tarehe sita. Angalia hakuna miezi iliyorukwa kwenye mishahara. Halafu angalia malipo ya mwisho: kama wamelundika notisi, likizo na kiinua mgongo kwenye mstari mmoja, omba wavitenganishe, kwa sababu mfuko unaweza kuvihesabu tofauti na mlundikano unaweza kusukuma mbele tarehe yako ya kuanza kulipwa.

Mwajiri akigoma au akipotea? Usirudi nyuma. Peleka ulichonacho: slipu, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia, mkataba, barua ya kuachishwa, ujumbe wako wa kuomba fomu wenye tarehe. Mwambie afisa wa mfuko kwa maandishi kwamba umeomba na hujapewa. Mifuko mingi ina mamlaka ya kumdai mwajiri taarifa hizo yenyewe, na nchi nyingi kuna sheria inampa mwajiri siku za kuitoa. Japani kwa mfano mwajiri anatakiwa kupeleka taarifa ndani ya siku 10 tangu mtu aondoke. Kinachokuokoa hapo ni kwamba tayari uliomba kwa maandishi, kwahiyo ucheleweshaji hauhesabiki kuwa wako.

Hatua ya 5: elewa unasubiri nini hasa

Watu wakisema "bado niko kwenye kipindi cha kusubiri" mara nyingi wanachanganya vitu vitatu, na kila kimoja kina dawa yake.

Kuna kipindi chenyewe cha kusubiri kilichoandikwa kwenye sheria. Hizi ni siku za mwanzo ambazo hulipwi kabisa, kila mtu anazipitia hata kama karatasi zake ni safi. Ule mkataba namba 102 unaruhusu hadi siku saba za kwanza. Japani ni siku saba, Kanada kwa kawaida ni wiki moja, na majimbo mengi ya Marekani ni wiki moja. Hapa hakuna cha kulalamikia, ila kuna kitu cha kufanya: mifumo mingi inataka ujaze ripoti ya wiki, yaani kueleza kama umefanya kazi au umepata kipato wiki hiyo, hata kwa hiyo wiki isiyolipwa. Ukiiruka, haihesabiki kwamba umeimaliza, kwahiyo unaanza kusubiri upya bila kujua.

Kuna muda wa ofisi kushughulikia faili. Huu sio adhabu, ni foleni. Ukishakubaliwa unalipwa malimbikizo ya wiki zote zilizostahili. Dawa yake ni kuendelea kujaza ripoti na kujibu ofisi haraka wakikuuliza kitu.

Na kuna kusimamishwa kwa sababu ya namna ulivyoondoka, zile wiki 12 za Ujerumani kwa mfano. Japani pia anayeacha mwenyewe anaongezewa mwezi mmoja juu ya zile siku saba, na kabla ya Aprili 2025 ilikuwa miezi miwili. Huku ndiko kunakopingika, na kunapingwa kwa ile karatasi ya mwajiri.

Utajuaje uko wapi? Angalia barua au hali ya dai kwenye akaunti yako. Ikisema "inashughulikiwa" ni foleni. Ikitaja kifungu cha sheria na tarehe ya kusimamishwa, hiyo ni adhabu na siku za rufaa zimeshaanza kuhesabika.

Tuone kwa hesabu

Chukua mfanyakazi wa stoo, mshahara 600 kwa wiki kwa sarafu yoyote. Mfuko unalipa asilimia 55, wiki inaanza Jumapili, kuna wiki moja ya kusubiri. Siku yake ya mwisho ni Ijumaa tarehe 6, mwezi wenye siku 31. Kaomba Jumatatu tarehe 9. Dai lake linaanza Jumapili tarehe 8, wiki ya tarehe 8 hadi 14 ndo ya kusubiri, na wiki ya kwanza ya kulipwa ni tarehe 15 hadi 21. Kila wiki anapata 330.

Angesubiri karatasi na kuomba Jumatatu tarehe 30, dai lingeanza tarehe 29, wiki ya kusubiri ingeisha tarehe 4 ya mwezi unaofuata na malipo yangeanza kuhesabiwa tarehe 5. Wiki tatu zimesogea, yaani 990. Mtu atasema si idadi ya wiki zote inabaki ile ile? Ndio, ila ukipata kazi kabla hujazimaliza, na wengi wanapata, zile wiki tatu zimeenda.

Sasa karatasi ya mwajiri inaingia na imeandikwa "ameacha kwa makubaliano". Faili linasimama na anaandikiwa atoe maelezo ndani ya siku kumi. Hapigi simu kugombana. Anapeleka barua ya kuachishwa inayosema stoo inafungwa, pamoja na ujumbe wa msimamizi kwenye grupu la zamu ukiwaambia wote kwamba zamu ya usiku imefutwa. Wakati huo huo anamwandikia karani wa mishahara: sababu kwenye fomu haifanani na barua yenu, naomba fomu iliyorekebishwa. Karani anaitoa upya, kwa sababu mara nyingi ni kosa la kuchagua mstari sio uadui. Muda wote huo yeye anaendelea kujaza ripoti kila wiki ijapokuwa hakuna hata senti inayoingia. Faili likifunguka wiki nne baadaye analipwa 330 mara nne kwa mpigo. Asingejaza ripoti, zile wiki nne zingekuwa na mapengo na angeanza kuomba msamaha wa kuchelewa kwa kila moja.

Na kama angelipwa likizo ya wiki mbili, 1,200, kwenye mifumo inayohesabu malipo hayo kama mshahara wa wiki zinazofuata, mwanzo wake ungesogea wiki mbili. Hiyo hailingani na kunyimwa, na kuficha malipo hayo ni kosa baya maana mwajiri ameshayaandika kwenye fomu, mfumo utayaona tu.

Hatua ya 6: ukikataliwa, angalia tarehe kwanza

Barua ya kukataliwa ina sababu na ina mwisho wa kukata rufaa. Kanada ni siku 30 kuomba uamuzi uangaliwe upya, sehemu zingine ni chache zaidi. Kata rufaa kwa sababu ile ile waliyoitaja, sio kwa kueleza maisha yalivyo magumu. Kama wamesema umeacha mwenyewe, leta karatasi inayoonyesha hukuacha. Kama wamesema michango haitoshi, leta slipu za miezi inayokosekana. Kama mwajiri alikukata lakini hakupeleka, slipu zinaonyesha makato na hapo tatizo ni lake kwa mfuko, sema hivyo wazi. Ripoti za wiki usiziache hata ukiwa kwenye rufaa, kwa sababu ukishinda utalipwa zile wiki ulizoripoti tu.

Hatua ya 7: ukipata kazi

Ripoti kazi kwa siku uliyoanza kufanya, sio siku uliyolipwa mshahara wa kwanza. Hapa ndo watu waaminifu kabisa wanajikuta wanadaiwa kurudisha hela: kaanza kazi tarehe 3, mshahara utaingia mwisho wa mwezi, akajaza kwamba hana kipato kwa sababu kweli mfukoni hana kitu. Mfuko unaangalia kazi iliyofanyika. Kibarua cha siku mbili nacho kiandike, mara nyingi wanapunguza tu malipo ya wiki ile na dai linabaki hai. Karatasi zote za dai zitunze hata baada ya kufungwa, maana ukaguzi unaweza kuja baadaye na wakati huo mwajiri wako wa zamani labda hayupo tena.